Karatasi ya Kufungua Duka

Dada aliyekuwa akiuza katika duka la mama mdogo pale Mwananyamala kwa miaka mingi aliulizwa duka linafunguliwaje, akajibu, "Unafungua, unafagia, unauza." Akaulizwa linafungwaje. Hapo akaona anachoshwa. "Unafunga," akasema, akaendelea kupima sukari.

Mwisho wa mwezi alikuwa anamfuata mumewe Tanga, na nafasi yake ilikuwa imeshatengewa mtoto wa binamu yangu kutoka Kondoa, kijana mtiifu kiasi cha kutisha. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukisahau kumwambia inuka, utamkuta jioni. Mama mdogo akaniita. Katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kuandika, cheo nilichopata kwa kuandika majina kwenye kadi za michango ya harusi. "Mwandikie huyu mtoto utaratibu wa kufungua na kufunga," akasema. "Ukurasa mmoja tu. Sitaki kupigiwa simu alfajiri kuulizwa swichi iko wapi."

Duka lenyewe si kubwa. Unga, mchele, sabuni, vocha, mkate, friji moja ya soda na maziwa ya pakiti, mashine ya kutolea risiti, na pembeni meza ya uwakala wa miamala ya simu. Mtu akilitazama kutoka barabarani anaweza kudhani kweli kazi yake yote ni kufungua na kufagia. Mimi sikumwamini dada, si kwa sababu ni mwongo, bali kwa sababu mtu aliyefanya jambo kila siku kwa miaka ndiye wa mwisho kujua anachokifanya. Mkono unajua, yeye hajui. Kwa hiyo badala ya kumhoji nikaenda kumtazama. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nikakaa juu ya kreti la soda ng'ambo ya barabara, daftari magotini, na mlinzi wa jirani akinitazama kama mtu wa kodi.

Dada alifika, na jambo la kwanza alilofanya ni kutofanya kitu. Alisimama mbele ya mlango wa chuma akaangalia kufuli mbili, ya juu na ya chini. Nikamuuliza anaangalia nini. "Siangalii kitu." Nikamwomba arudie. Ndipo ikajulikana kwamba kila jioni anaziacha kufuli tundu la ufunguo likielekea ukutani, na asubuhi zikiwa zimegeuka anajua kuna mkono umepita usiku. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Mama mdogo mwenyewe alikuwa halijui.

Akafungua. Kufuli hakuziacha zikining'inia kwenye komeo kama wafanyavyo wengi mtaani. Aliingia nazo ndani, akaziweka chini ya kaunta karibu na mizani. Nilidhani ni usafi tu. Kumbe ni ulinzi, na tena wa hali ya juu. Kufuli iliyofunguliwa ikiachwa nje mchana kutwa, mwizi mwenye subira ananunua ya aina ileile dukani kwa jirani, anapita kama mteja, anabadilisha. Jioni wewe mwenyewe, kwa mikono yako, unalifunga duka lako kwa kufuli yake, unaivuta mara mbili kuona kama imeshika, unaenda kulala. Yeye anakuja na ufunguo.

Mlango nao una siri zake. Bawaba ya chini imelegea, kwa hiyo lazima uuinue kidogo kwa goti la kulia huku ukivuta. Ukivuta bila goti unakwaruza sakafu, na jirani wa juu anaamka akiwa na maoni. Kisha, kabla ya kuwasha taa, dada alisimama gizani akiwa ameinamisha kichwa. "Nasikiliza friji," akasema kwa sauti ya mtu anayeulizwa mambo ya aibu. Friji ikinguruma, au ikiwa kimya lakini taa yake ndogo inawaka, mambo ni shwari. Ikiwa kimya na giza, ama umeme umekatika mtaa mzima ama luku imeisha dukani kwetu peke yetu.

Mpaka hapo hajafagia, hajauza, na daftari langu lilikuwa limejaa kurasa mbili.

Kilichonipa shida zaidi ya yote si wingi wa mambo. Ni kwamba maneno yaliyo mepesi kuandika hayamsaidii mtu aliye peke yake alfajiri. Chukua sentensi iliyomo katika kila mwongozo wa kazi uliowahi kubandikwa ukutani: hakikisha friji iko katika hali nzuri. Kijana wetu angelitazama friji, friji ingemtazama yeye, na wote wawili wangeridhika. Kwa hiyo tukanunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza rafu ya kati, na sentensi ikawa: "Soma kipimajoto. Kiwe kati ya 2 na 5. Kikizidi 5, usiuze maziwa, usiache mlango wa friji wazi, nenda hatua ya luku." Hapo hakuna cha kuridhika wala kutoridhika. Kuna namba, na kuna cha kufanya namba ikikataa.

Hiyo ndiyo kanuni niliyoishikilia kwa kila hatua: tendo, alama ya kujua kwamba tendo limekamilika, na njia ya kupita alama isipoonekana. Mlango umefungwa vipi? Umefungwa pale ukivuta kufuli kwa nguvu mara moja na haijafunguka. Mizani iko sawa vipi? Sahani ikiwa tupu kioo kinasoma 0. Kikisoma kingine bonyeza kitufe cha sifuri, kisha weka pakiti ya sukari ya kilo moja iliyotoka kiwandani uone inasema nini. Sababu niliziandika mahali pachache tu, pale ambapo hatua inaonekana ya kipuuzi. Asiyejua habari ya mwizi mwenye subira ataibeba kufuli ndani siku ya kwanza na ya pili, ya tatu ataona ni mzigo.

Mama mdogo alisoma rasimu akiwa amevaa miwani ya kusomea. Akauliza kwa nini ukurasa mmoja umekuwa kurasa mbili. Nikamwambia mmoja wa kufungua na mmoja wa kufunga. Akanyamaza, kisha akachukua kalamu, na chini kabisa ya ukurasa wa kufunga, kwa mkono wake, akaongeza: ZIMA UMEME WOTE. LUKU GHALI. Akapigia mstari mara mbili.

Mwenye duka akiandika, nani atafuta?

Jumamosi tukafanya jaribio. Masharti yalikuwa mepesi: kijana afungue duka akiwa na karatasi peke yake, mimi na dada tutasimama pembeni na hatutasema neno, hata akianza kuula mlango. Kila atakaposita ninaandika, kwa sababu mtu anaposita kosa ni la karatasi. Mimi niliweza kunyamaza. Dada alijitahidi, lakini alikohoa vikohozi vya aina zote: kikohozi cha "siyo huo," kikohozi cha "geuza," na kimoja kirefu kilichokuwa karibu kiwe sentensi kamili.

Kijana alisita kabla ya hatua ya kwanza. Alisimama barabarani, akatazama mlango, akatazama mikono yake, akatugeukia. Karatasi ya kufungua duka ilikuwa imebandikwa vizuri sana kwa gundi ya plastiki, ndani ya duka.

Nikampa nakala yangu. Akasoma, "Fungua kufuli ya juu." Akatoa shada la funguo, zote tatu za kampuni moja, za rangi moja, za urefu mmoja. Akajaribu wa kwanza. Akajaribu wa pili. Wakati huo mtaa umeshaamka. Mama mmoja amekuja kuchukua mkate, mzee amefuata vocha, mwanafunzi anataka kalamu, na kila mmoja ana ushauri. "Huo mrefu." "Zote ndefu, mama." "Basi uzungushe kushoto." Mzee wa vocha alipendekeza mafuta ya taa. Foleni ilikuwa inajua kulifungua duka kuliko mimi niliyeliandikia.

Siku hiyohiyo mama mdogo akatoa rangi za kucha za binti yake. Kufuli ya juu ikapakwa doa jekundu, na ufunguo wake doa jekundu. Ya chini zambarau. Ya grili ya ndani rangi ya dhahabu yenye vimetameta. Na hatua zinazofanyika kabla ya kuingia, yaani tundu la kufuli, rangi, goti, nikaziandika kwenye kikadi kidogo kilichogandishwa plastiki na kufungwa kwenye shada lenyewe la funguo. Maelekezo yanatakiwa yakae pale mkono unapoyahitaji. Ya kuhesabu droo yakahamia ndani ya kifuniko cha droo, ya friji kwenye ubavu wa friji. Kwenye karatasi ya kufungua ukutani zikabaki namba za hatua tu, na namba ya simu ya fundi umeme.

Kufunga ndiko kulikotuchekesha zaidi, baada ya muda kupita na watu kupoa.

Jioni ya kwanza ya kazi kijana alifuata karatasi mpaka mwisho, na mwisho kulikuwa na maandishi ya mama mdogo. Zima umeme wote. Mtu mwingine angejiuliza maswali. Yeye alitazama swichi za taa akazima, akatazama soketi akazima, kisha, kwa kuwa neno lilikuwa "wote" na limepigiwa mstari mara mbili, akapanda juu ya kreti akashusha swichi kuu. Akaenda kulala akiwa ameokoa luku kuliko mtu yeyote katika historia ya duka lile.

Friji iliyofungwa vizuri hushikilia baridi kwa muda wa kama saa 4, tena ukiwa hujaifungua. Hii ililala kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, katika joto la Dar. Asubuhi alisikiliza friji kama alivyoelekezwa. Kimya na giza. Akafungua hatua ya luku, akakuta mita nayo imezimika, akahitimisha kwamba tokeni zimeisha, akampigia mama mdogo alfajiri ili anunue. Mama mdogo akanunua. Kijana akaingiza tarakimu 20 kwenye mita isiyo na uhai, akaingiza tena, akapiga simu tena. Mkasa huu ulichukua muda mpaka jirani alipoingia kununua sabuni, akatazama juu, akainua swichi kwa kidole kimoja. Maziwa ya pakiti yalikuwa yameshavimba. Mama mdogo aliyamwaga mwenyewe, pakiti moja baada ya nyingine, bila kusema, na mimi niliyekuwepo sikuona ni wakati mzuri wa kuuliza kama sasa ninaruhusiwa kufuta ile sentensi.

Nilifuta baadaye. Badala yake rangi ya kucha ilirudi kazini: soketi ya friji na swichi kuu zikapakwa nyekundu, na karatasi ikasema, "Zima taa mbili za ndani, feni na chaja. Vyenye rangi nyekundu usiguse. Ukimaliza, weka mkono ubavuni mwa friji. Usikie inatetemeka au uone taa yake." Na kabla ya hapo: "Soma mita ya luku. Zikibaki chini ya uniti 10, mpigie mama kabla ya saa mbili usiku." Saa mbili usiku yuko macho anatazama tamthilia. Alfajiri hayuko macho, na hilo ndilo lililokuwa kusudi la mradi mzima.

Kisha likaja suala la funguo. Kufuli zetu ni za kubana: unazisukuma zinajifunga, hazihitaji ufunguo. Kijana akamaliza kila kitu, akatoka, akabana grili, akafunga mlango, akabana ya chini, akabana ya juu, akageuza matundu ukutani kama alivyofundishwa. Akatia mkono mfukoni. Funguo zilikuwa juu ya kaunta, pembeni ya mizani, zikiwa na kikadi chao chenye maelekezo ya kufungua. Za akiba zilikuwepo, maana mama mdogo ni mtu makini. Zilikuwa ndani ya droo.

Fundi alikuja na msumeno wa chuma. Kukata kufuli nzuri ni kazi ya jasho, na kukata tatu usiku mbele ya mtaa mzima ni kazi ya maelezo, maana kila anayepita anakuta wanaume wawili na msumeno mlangoni pa duka la watu. Mlinzi wa jirani, yuleyule, aliwashika kwa muda mpaka mama mdogo akafika na bodaboda akiwa na kanga na nusu ya rola za nywele.

Tukampigia dada Tanga. Imekuwaje miaka yote hajawahi kufungia funguo ndani? Akacheka sana. "Mimi funguo ziko kwenye pindo la kanga. Nikifungua asubuhi nazifundika, nazifundua kesho." Hapo ndipo hatua ilipokuwa imejificha. Nilikuwa nimemtazama asubuhi na jioni, nimeandika hata goti, lakini fundo la kanga sikuliona kama sehemu ya kazi, na yeye pia hakuliona. Kijana havai kanga. Tukamnunulia kamba ya shingoni, na karatasi ikasema: "Kabla ya kubana kufuli yoyote, shika funguo kwa mkono wa kushoto, zitazame. Bana kwa mkono wa kulia." Funguo za akiba zikahamia nyumbani kwa mama mdogo, kwenye kopo la biskuti ambalo, kama makopo yote ya biskuti, lina nyuzi na sindano.

Kuhusu droo nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo maduka mengi ya rejareja yanapovujia bila mtu kuwa mwizi.

Asubuhi droo inaanza na chenji ya shilingi 50,000, na si 50,000 yoyote. Noti tano za elfu kumi ni 50,000 pia, ila mteja wa kwanza akija na elfu kumi kununua kiberiti utamrudishia nini? Yetu imepangwa: noti 4 za elfu tano, 5 za elfu mbili, 10 za elfu moja, sarafu 12 za mia tano, 10 za mia mbili na 20 za mia. Kijana anaihesabu kabla ya kufagia, si baada, kwa sababu akianza kufagia mzee wa vocha ataingia, na mauzo yakishachanganyika na chenji, hesabu ya asubuhi haipo tena. Droo ya uwakala iko mbali na ina karatasi yake. Hapa itoshe kusema hairuhusiwi kukopa chenji humo hata ya shilingi mia. Humo kashi na floti zikijumlishwa zinatakiwa zilingane na mtaji, na mia moja iliyotoka kwenda kwa mnunuzi wa ndimu itatafutwa mpaka usiku wa manane.

Jioni kuna mambo mawili ambayo mpangilio wake ndio siri. Kuna kuhesabu pesa, na kuna kutoa ripoti ya Z kwenye mashine ya risiti, ile inayofunga mauzo ya siku na kuirudisha hesabu ya mashine kwenye sifuri. (Ripoti ya X inasoma tu bila kufunga, ukitaka kujua umeuza kiasi gani mchana, ni hiyo.) Dada alikuwa anatoa Z kwanza, kisha anahesabu. Mimi nikageuza: hesabu kwanza, andika jumla kwa kalamu ya wino, ndipo utoe Z. Mtu aliyeshaiona jumla ya mashine hahesabu, anatafuta. Akipata pungufu anahesabu tena mpaka zilingane, na zikilingana anaacha papo hapo hata kama mara hiyo ndiyo aliyokosea.

Wiki ya pili kijana akapata hivi. Kwenye droo, 287,400. Akatoa chenji ya kuanzia 50,000, ikabaki 237,400. Akaongeza alicholipa kutoka droo, 18,000 ya mtu wa mkate na 3,500 ya maji ya dumu, ikawa 258,900. Akaandika kwa wino. Akabonyeza Z. Mashine ikasema 261,900.

Pungufu 3,000.

Karatasi ilisema, "Zikitofautiana, hesabu mara moja tena. Zikitofautiana bado, andika tofauti, mpigie mama." Akahesabu mara moja tena. Kisha, kwa kuwa ni elfu tatu ya watu na yeye ni mgeni mjini, akatoka nje ya karatasi. Akainua gunia la mchele. Akafagia chini ya friji akapata sarafu ya mia mbili ya zamani hizo, jambo lililoharibu hesabu zaidi. Akakung'uta mashine. Akatoa mfukoni elfu tatu yake ya nauli, akaiweka kwenye droo, akaiangalia, akaitoa, akampigia mama mdogo huku sauti ikitetemeka.

Ashukuriwe Mungu aliitoa. Pungufu lililofichwa kwa nauli ni baya kuliko pungufu lenyewe, maana kesho linarudi na hakuna anayejua lilianzia wapi. Mama mdogo akamwambia asome daftari la madeni. Mstari wa mwisho: "Sukari kilo 1, 3,000, mama wa kanga ya kijani, atalipa." Risiti alikatiwa, pesa hakutoa. Mashine ilihesabu mauzo, droo haikuona kitu. Wote wawili walikuwa wakweli.

Hesabu ya jioni sasa ina mistari miwili zaidi: ongeza madeni mapya ya leo, toa madeni ya zamani yaliyolipwa leo. Huu wa pili watu husahau. Siku mama wa kanga ya kijani akija kulipa, droo itazidi 3,000 bila risiti mpya, na kijana atadhani amemdhulumu mtu chenji. Upande wa maelezo ya mdaiwa pia ulirekebishwa, kwa sababu asubuhi iliyofuata alisubiri kanga ya kijani, zikapita nne, na mwenye deni akaja amevaa dera. Siku hizi anaandika jina la mtoto mkubwa na nyumba.

Kuna lililobaki nje ya karatasi na nimeamua libaki. Nani anakopeshwa na nani anaambiwa sukari imeisha, hilo haliandikiki. Ukiliandika ukutani utakuwa umetangaza vita na nusu ya mtaa. Kwa sasa kijana anampigia mama, na mama anajibu kwa neno moja.

Hatua ya 9 ya kufunga ndiyo anayoipenda kuliko zote. Inasema kwamba droo ikishahesabiwa, hakuna kuuza. Ikibidi kabisa, mtu akiwa na mgonjwa au mtoto analia, pesa iingie kwenye kopo lililoandikwa KESHO, na iingizwe kesho kwenye mashine. Tuliiweka kwa ajili ya wale wanaofika kufuli ya juu ikiwa mkononi, wakisema "kiberiti tu," na kiberiti kikifuatwa na mchele.

Juzi mama mdogo alipita wakati wa kufunga, akiwa ametoka msibani, kiu imemshika. Akafungua friji yake, akatoa soda yake. Kijana akainuka kwa heshima zote.

"Shikamoo mama. Hatua ya 9 imeshapita."

"Marahaba. Hatua gani? Mimi ndiye mwenye duka."

"Ndiyo mama. Basi tuweke kwenye kopo."

Mama mdogo aliniambia alimtazama muda mrefu. Kisha akafungua pochi, akalipa soda yake kwa pesa yake, akaitia mwenyewe kwenye kopo la KESHO, na akainywa nje kwa sababu kijana alikuwa anasubiri kubana grili, funguo mkono wa kushoto. Usiku ule ule akanipigia kunitaka niongeze mstari unaomhusu yeye. Nimemwambia aandike anachotaka nitakiingiza. Mpaka sasa hajaandika. Anasema anaogopa huyu mtoto atakifuata.